Taa za sola za bustani: kinachochoka mapema ni betri

Mwaka wa kwanza sina la kulalamika. Jua likizama zinawaka, na hadi karibu alfajiri bado zina mwanga. Mwaka wa pili zikaanza kuzimika kabla watu hawajalala, na majirani wakaniambia nizitupe, eti paneli zimekufa.

Nilifungua moja. Ndani mna betri moja ndogo ya saizi ya AA, imeandikwa Ni-MH, volti 1.2, 600 mAh. Niliijaza kwa chaja ya ukutani, nikairudisha, na taa ikazimika mapema vilevile. Nikaweka betri mpya ya aina hiyohiyo, ikawaka usiku kucha, na usiku uliofuata pia. Basi paneli ni nzima, kwa sababu ndiyo iliyoijaza tena betri ile mpya. Kama betri mpya ingewaka vizuri siku ya kwanza kisha ikafifia kila usiku, hapo ningeishuku paneli, hasa plastiki yake ikiwa imegeuka njano au ina ukungu.

Tatizo ni kwamba betri hii hujazwa na kumalizwa kila siku. Betri ya kawaida ya aina hii huhimili kama mizunguko 500 hivi, na mwaka mmoja una mizunguko 365. Kwa hesabu hiyo, katikati ya mwaka wa pili tayari imezeeka, tena kama imetunzwa vizuri. Na haitunzwi vizuri: inakaa chini ya paneli, ndani ya plastiki nyeusi inayopigwa na jua mchana kutwa. Joto likipita nyuzi 45 hivi, betri ya nikeli kama hii ya Ni-MH hupokea chaji kwa shida na huchakaa haraka.

Siku za mawingu nazo zina madhara yake. Tuseme paneli inatoa miliampea 40 jua likiwa kali. Kwa saa tano hiyo ni 200 mAh, na sehemu yake hupotea njiani. Taa ikila miliampea 25, chaji hiyo haifikishi hata saa nane. Mawingu yakizidi, betri inaanza usiku ikiwa na kidogo na inakaushwa hadi chini kabisa, siku baada ya siku. Ndiyo maana kununua betri ya 2000 mAh hakuongezi saa za mwanga: paneli hiyo haiwezi kuijaza.

Mimi naweka Ni-MH ya 600 hadi 800 mAh, nikiwa nimeijaza kwanza kwa chaja. Springi ikiwa na kutu naisugua kwa msasa laini. Betri za kawaida za volti 1.5 zisizochajiwa msiziweke kamwe. Paneli hulazimisha chaji ndani yake, nazo huvuja na kuharibu taa yote.

Nazipa nyota nne kati ya tano kwa sababu kifuniko kinafunguka kwa skrubu. Zile zenye betri iliyochomelewa kwa risasi sinunui.