Kwa Nini Picha Yako Halisi Inaonekana Imetungwa: Tumejaribu Programu ya Kurembesha Picha

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua programu ya simu ya kurembesha picha, zile zenye kitelezi cha kulainisha ngozi na kitufe cha kufifisha mandharinyuma, ambazo hufanya picha halisi idhaniwe imetungwa na akili mnemba.

Hii ni picha ya dada mwenye afro, amesimama mbele ya ua wa michongoma. Nakuza shavuni: vinyweleo vinaonekana, na kuna kovu dogo la chunusi. Nasogeza kitelezi hadi 30. Kovu limefifia, vinyweleo bado vipo. Hapo sina neno. Sasa 80. Shavu limekuwa nta! Programu inachanganya pikseli jirani zenye rangi zinazokaribiana na kuacha mipaka mikali, kama ya jicho na mdomo. Kinyweleo ni tofauti ndogo tu ya rangi, basi kinafutwa pamoja na kovu.

Tazameni shingo lakini. Ina mikunjo yake yote, kwa sababu programu imetambua uso peke yake. Picha iliyotungwa na akili mnemba kwa kawaida huwa laini kote, hadi shingoni na mikononi.

Kwenye nywele ndipo ninapoumia zaidi. Pikseli iliyo ukingoni mwa afro ina rangi ya unywele na rangi ya jani kwa pamoja, na programu nzuri hukadiria kila moja ina kiasi gani. Hii inaamua tu: ni mtu, au si mtu. Nikibonyeza kufifisha, nywele za pembeni zinayeyukia kwenye kijani, na katikati ya zilizobaki kuna vipande vya majani ambavyo havikufifia. Dada mwenye nywele za kulala angepona. Mwenye afro amenyolewa.

Picha ya kutungwa hukosea kwa namna nyingine. Chukua Stable Diffusion ya mwanzo, mfumo wa akili mnemba wa kutunga picha: picha ya pikseli 512 kwa 512 huundwa kwanza kwenye gridi ya 64 kwa 64, yaani kila kijisehemu kinabeba pikseli 8 kwa 8. Unywele ni mwembamba kuliko hapo, kwa hiyo hubuniwa wakati gridi inafunguliwa kuwa picha. Ndiyo maana unaufuata unywele kutoka kichwani, mara umegeuka kitawi cha mchongoma. Programu ya kurembesha itaukata unywele, lakini haitaugeuza tawi.

Mifumo mipya haikosei sana hivyo, na picha iliyotumwa WhatsApp inaweza kupoteza vinyweleo hata bila kurembeshwa, hivyo omba faili asilia kabla hujamtuhumu mtu.

Kwa hiyo programu hii, kulainisha naipitisha, mwisho 30. Kufifisha mandharinyuma siipitishi kabisa kwa nywele zetu. Ukitaka nyuma pafifie, msogeze mtu mbali na ua, tumia lenzi ya kuvuta, kisha piga.