Simu Bandia Mezani: Picha na Karatasi Zinazotetea Dai la Waranti

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Simu iliyoko mezani leo imenikera sana, na sababu si kamera wala betri yake, mambo ambayo wachambuzi wenzangu wameyaeleza kwa kirefu na ninyi mnayafahamu. Sababu ni kwamba ilinunuliwa Kariakoo kwa shilingi 850,000, bei ya simu halisi, ikaanza kuzima yenyewe baada ya miezi minne, na ilipofikishwa katika kituo cha huduma mwenyewe akaambiwa kwamba ni bandia, kwa hiyo waranti ya mtengenezaji haimhusu. Mwenye simu ni dada anayetufuatilia kutoka Dar es Salaam, naye ameniruhusu niitumie kuonyesha ni picha zipi na karatasi zipi zilimsaidia, na zipi zilimwangusha.

Mtengenezaji akishajitoa, dai linabaki kwa muuzaji, na muuzaji wa namna hiyo huwa na jibu moja tu: "Simu hii siyo ile niliyokuuzia." Jibu hilo huwezi kulipangua kwa picha za kujipiga ukiwa umeishika simu yako mpya. Linapanguliwa na ushahidi unaoonyesha kwamba kifaa kilichokaguliwa na fundi ndicho kilichotoka katika duka lile, siku ile, kwa bei ile.

Hapa naomba mtulie nami, kwa kuwa ndipo penye uzito wa video nzima. Ninabonyeza *#06# na zinatokea namba mbili za IMEI, kwa sababu simu ina laini mbili. Kila namba ina tarakimu 15, na zile nane za mwanzo ndizo zinazotambulisha modeli. Sasa ninaligeuza boksi na kusoma lebo ya ubavuni: namba ni zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Wengi wangeishia hapo wakaridhika. Mimi ninaituma namba ya kwanza kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, na jibu linalorudi linataja modeli nyingine kabisa, tofauti na jina lililochapishwa kwenye boksi. Jibu hilo lipigeni picha ya skrini, namba mliyoituma ikionekana juu yake. Mfahamu pia mpaka wa kipimo hiki: bandia iliyopewa namba iliyonakiliwa kutoka simu halisi italeta jibu zuri tu, kwa hiyo jibu zuri halithibitishi uhalisi. Kwa ajili hiyo fungueni pia mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", mpige picha namba ya serial ya kifaa chenyewe.

Picha ninayoithamini kuliko zote ni hii ninayoipanga sasa. Ninaweka boksi, lebo ikitazama juu; pembeni yake simu ikiwa na zile namba kwenye skrini; chini yake risiti. Vyote vitatu viko ndani ya picha moja, na kila tarakimu inasomeka. Mwanga wa kamera ninauzima, kwa sababu lebo inang'aa na mwanga ule hufuta tarakimu za katikati, kama mnavyoona katika picha hii ya kwanza niliyoiharibu kwa makusudi. Picha hii ipigwe juu ya kaunta ya duka kabla hamjaondoka. Ikipigwa nyumbani jioni, muuzaji anaweza kudai kwamba mlibadilisha simu njiani.

Ikishapigwa, msiitegemee nakala iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa picha hubanwa na taarifa za tarehe na saa zilizomo ndani yake huondolewa. Itumeni kama hati, au mjitumie kwa baruapepe siku hiyohiyo, ili hata simu ikifa picha ibaki.

Sasa risiti. Hii ndiyo risiti ya EFD ya dada yetu, na ninaisogeza karibu na kamera ili mwone kwamba haisomeki tena, isipokuwa kivuli cha maandishi upande wa juu. Karatasi hizi huchapwa kwa joto bila wino, na joto la mkoba au la gari huzifuta. Dada alikuwa ameipiga picha siku ya ununuzi, hivyo tuliipata namba ya uhakiki na kuiona risiti yenyewe kwenye verify.tra.go.tz. Tatizo likawa jingine: imeandikwa "SIMU 1", bila jina wala modeli. Sheria ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilichouzwa kilingane na maelezo yake, lakini kama maelezo ni "simu" tu, hata hii ni simu. Kilichomwokoa ni kadi ya waranti ya duka, ambayo muuzaji aliijaza jina la modeli na IMEI kwa kalamu, kisha akagonga muhuri. Pamoja nayo alikuwa ametunza ujumbe ambao duka lilimtumia ukiwa na picha ya simu, jina lake na bei. Dukani kwenu wakisema kadi hazipo, ombeni ankara yenye maelezo hayohayo.

Ujumbe wa malipo ya simu nao msiufute. Angalieni jina la aliyepokea fedha: kama ni jina la mtu binafsi wakati risiti ina jina la duka, muuzaji aandike kwenye ankara kwamba malipo yale, kwa namba yake ya muamala, ni ya bidhaa hii.

Kituo cha huduma kikisema kwamba simu ni bandia, msiondoke na kauli ya mdomo. Ombeni ripoti yenye tarehe, IMEI, sababu za uamuzi, jina la aliyekagua na muhuri. Simu ikifunguliwa, ifunguliwe na fundi wa kituo, naye apige picha za ndani, kwa kuwa ukiifungua mwenyewe unampa muuzaji nafasi ya kusema kwamba ulibadilisha vipuri.

Kwa wenye bima, hali ni ngumu zaidi. Fomu ya maombi ilitaja simu halisi, na kampuni inaweza kusema ilipewa maelezo yasiyo kweli. Risiti, ujumbe wa malipo na tangazo la duka vinaonyesha kwamba mlilipa bei kamili kwa nia njema, ingawa kampuni bado inaweza kulipa kwa thamani ya kitu kilichokuwepo hasa, ambayo kwa simu hii ni ndogo mno kulinganisha na 850,000. Ripoti inayosema kwamba simu ni bandia pelekeni kwa kampuni mara tu mnapoipata, kwa sababu kudai baadaye huku mkijua na mmenyamaza kutaharibu dai lote.

Dada yetu alirudishiwa fedha zake zote baada ya kadi, picha na ripoti kuwekwa mezani pamoja. Duka lilitaka kwanza aiache simu "ikaguliwe", naye akakataa mpaka apewe hati ya makabidhiano. Fanyeni hivyohivyo, hata anayeichukua akiwa ni ofisa wa Tume ya Ushindani, au wa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia kwa watazamaji wangu wa Kenya. Hati iwe na IMEI, hali ya kifaa, tarehe, jina na saini ya aliyekipokea, na mwipige picha kabla simu haijatoka mikononi mwenu.