Bangili ya mbu, mshumaa na mafuta ya sitronela: “Zima feni, dada, harufu ikae”

Nianze na yule kijana wa dukani, maana bila yeye nisingepata hasira za kuandika. Ni duka la bidhaa asilia hapa Dar, jina silitaji. Nilirudi pale siku chache baada ya kununua seti yao ya kufukuzia mbu: bangili ya mpira ya mtoto, mshumaa wa kwenye kopo la bati na kichupa cha mafuta, vyote vya sitronela. Mvua zilikuwa zimeanza kuchanganya na mbu wa mtaani kwetu unawajua. Mwanangu alikuwa na kivimbe cha mbu vidole viwili tu kutoka ilipo bangili. Si mguuni, si shingoni, ni mkono uleule uliovaa kinga. Nikamwonyesha kijana. Hakuinua macho kwenye simu.

“Huyo mtoto ana damu tamu tu, dada. Halafu nyumbani mnawasha feni? Zima feni, harufu ikae.”

Jamani. Dar, msimu wa joto la mvua, nizime feni ili nisikie harufu vizuri! Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushauri wenyewe uko kinyumenyume. Mbu ni mrukaji dhaifu, upepo wa feni humyumbisha asiweze kutua. Tena mbu anakutafuta kwa kufuata hewa unayoitoa puani na harufu ya jasho lako, na feni inavitawanya vyote viwili asijue umekaa wapi. Kwa hiyo huyu bwana alinishauri niondoe kinga ya kweli niliyonayo ndani ili nibaki na mshumaa wake.

Sasa bangili. Sitronela ni mafuta yanayotolewa kwenye majani ya nyasi ambazo ni ndugu wa karibu wa mchaichai tunaoutia kwenye chai, ndiyo maana harufu zinafanana. Mafuta hayo yanamsumbua mbu yakiwa mvuke, na mvuke huo lazima uwe juu ya ngozi anayotaka kutua. Bangili inatoa mvuke kidogo kwenye kifundo cha mkono, basi. Kisigino hakijui kama mkononi kuna kitu. Wamarekani walishapima jambo hili hadharani mwaka 2002: watu waliingiza mikono kwenye vizimba vyenye mbu, ikahesabiwa muda hadi kuumwa mara ya kwanza. Waliovaa bangili za dawa waliumwa ndani ya sekunde chache. Sekunde! Dawa za kupaka za sitronela nyingi hazikufika dakika 20. Dawa ya kupaka yenye kemikali ya kufukuza mbu iitwayo DEET, ya karibu asilimia 24, ilikinga kwa wastani wa saa 5. Na bangili bado zinauzwa, tena zenye picha ya tembo ili mtoto alilie.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba seti nzima ni takataka. Ila kichupa cha mafuta kilinichanganya, na siwezi kukisingizia.

Jioni moja nilikaa barazani magharibi ilipoingia, mguu mmoja nimeupaka kuanzia gotini hadi kwenye vidole, mwingine nimeuacha mtupu. Mguu mtupu ulishambuliwa kabla sijamaliza kuosha mchele. Ule uliopakwa walikuwa wanaukaribia, wanageuka. Nilifurahi mpaka nikamwita jirani aje ashuhudie. Tulipokuwa tunachambua mchicha, furaha ikaisha: mbu wa kwanza alitua kwenye kifundo cha mguu, pale soksi zinapobana, na baada yake wakawa wanakuja kama mguu wa pili. Harufu bado niliisikia vizuri kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Pua yako inanusa hata mabaki madogo, lakini mbu anahitaji mvuke mzito ili akukimbie. Na mvuke ukishaondoka ndiyo umeondoka, maana mafuta haya yanafanya kazi kwa kupaa, na kila yanapopaa yanapungua kwenye ngozi. Jasho nalo linayamaliza upesi zaidi.

Kwa hiyo ukiwa nayo, itumie hivi. Usipake mafuta makali yenyewe, yanachoma ngozi. Kijiko kimoja cha chai cha sitronela changanya na vijiko kumi vya mafuta ya nazi, ambayo yanachelewesha kidogo ule mvuke kupaa. Kwanza paka tone ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho yake uone kama panawasha. Kisha paka kila palipo wazi bila kuruka, hasa vifundo vya miguu na nyuma ya magoti, mbali na macho na mdomo. Rudia kila baada ya dakika 20, usingoje harufu iishe. Kichanga usimpake kabisa, yeye atandikiwe chandarua hata mchana.

Dakika 20 zinatosha kuanua nguo au kukaanga samaki nje. Kwa kazi hiyo naipa alama nzuri, sitanii. Haitoshi kwa msiba wa kukesha, wala haitoshi kulala. Mbu wa malaria anauma sana usiku wa manane watu wakiwa wamelala fofofo, na hakuna atakayeamka kila dakika 20 kujipaka. Yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza dengue iliyotusumbua hapa Dar 2014 na 2019, anauma mchana, mtoto akiwa shuleni na bangili yake ya tembo.

Mshumaa sina mengi. Ukiuweka upande upepo unakotokea na wewe ukakaa karibu kabisa, labda. Barazani kwetu moshi ulielekea kwa jirani, na mbu wakabaki kwetu. Unapendeza kwenye picha.

Kama mnapenda vya asili na mnataka muda mrefu, tafuteni dawa iliyoandikwa PMD, inayotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau. Hiyo inakinga kwa saa kadhaa, ila watoto walio chini ya miaka 3 wasipakwe. Msiichanganye na mafuta ya kawaida ya mkaratusi ya kupaka kifuani ukiwa na mafua, hayo ni kitu kingine. La sivyo chukueni ya DEET ya asilimia 20 hivi, inatosha kwa jioni nzima. Isiguse miwani ya plastiki wala kioo cha saa cha plastiki, inaviyeyusha. Kabla ya kulipa geuza chupa usome: kama hakuna asilimia ya dawa wala saa inazokinga, yapo tu maneno “asilia 100%”, irudishe rafuni. Kichupa changu hakikuandikwa hata kimoja. Nilipomwuliza kijana ni asilimia ngapi, akaniambia, “Ni asilia yote, dada.”

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya mafuta. Nikakumbuka fedha yangu ya bangili waliyokataa kurudisha eti “imeshavaliwa,” kana kwamba ningeweza kujua haifanyi kazi bila kumvalisha mtoto. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mafuta, dukani kwao sikanyagi tena. Sitronela niliyonayo sasa nimeinunua kwa mama mmoja sokoni Kariakoo, nusu ya bei, na yeye mwenyewe alinionya: “Mwanangu, hii haikai, kila mara ujipake.”