Mikanda myeusi kwenye runinga: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Mtu akiona mikanda myeusi juu na chini ya picha, au pembeni kushoto na kulia, wazo la kwanza huwa runinga ni mbovu au ameuziwa feki. Mama mmoja wa Makorora, Tanga, aliwahi kuingia dukani Ngamiani, akajibu "marahaba" hata kabla hajamaliza kushusha mzigo, maana aliyemwamkia alikuwa mdogo kwake, kisha akasema: "Mwanangu, mmeniuzia kioo cha inchi 32, mbona naona cha 24?" Muuzaji alicheka. Lakini yule mama alikuwa sahihi karibu kabisa, na hesabu yake ndiyo iliyonifanya nipange mwongozo huu namna nilivyoupanga.

Kwanza umbo. Karibu runinga zote za bapa zinazouzwa leo zina umbo la 16:9, yaani upana sehemu 16 kwa kimo sehemu 9. Inchi 32 ni kama sentimeta 71 kwa 40. Picha za zamani, kama harusi zilizorekodiwa kwa kanda, ni 4:3, karibu na mraba. Filamu nyingi za sinema ni pana zaidi, upana wake ni mara 2.39 ya kimo. Video ya simu iliyosimamishwa ni 9:16. Picha isiyolingana na kioo ina njia tatu tu: iachiwe nafasi tupu, ambayo ndiyo mikanda myeusi, ivutwe mpaka ijae, watu wanenepe au warefuke, au ikuzwe mpaka ijae, kingo zake zikatwe. Rimoti yoyote na pleya yoyote inachagua mojawapo ya hizo, au inachanganya kidogo. Hakuna kifaa cha kununua kitakachokupa njia ya nne, hata muuzaji akuapie.

Sasa yule mama. Mikanda yake ilikuwa pande zote nne, picha imekaa katikati kama fremu ukutani. King'amuzi chake kilikuwa kimeunganishwa kwa zile kebo tatu za nyekundu, nyeupe na njano, na ndani ya menyu kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya runinga ya kichogo. Kwa hiyo king'amuzi kilichukua picha ya 16:9, kikaiwekea mikanda juu na chini ili itoshe umbo la 4:3. Runinga nayo ikapokea hiyo 4:3 na kuiwekea mikanda pembeni. Picha iliyobaki ilikuwa sentimeta 53 kwa 30. Pima mshazari wake: inchi 24.

1. Kebo ya HDMI, na dakika tano za menyu

Hii ndiyo namba moja, na ni rahisi kuliko vyote vilivyo hapa chini. Geuza king'amuzi uangalie nyuma. Kama kina tundu la HDMI, nunua kebo fupi, mita moja na nusu inatosha. Kisha ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta `Aspect Ratio` au `TV Screen Format`. Ukikuta `4:3 LB` au `4:3 PS`, badilisha iwe `16:9`. Ile `4:3 LB` ndiyo inayoweka mikanda juu na chini. `4:3 PS` hukata pembeni, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua kwamba robo ya uwanja haioni.

Ving'amuzi vingi vya mwanzo vilinunuliwa wakati analojia inazimwa, zoezi lililoanza Dar es Salaam 31 Desemba 2012 na kufika Tanga mwanzoni mwa 2013. Wakati huo sebule nyingi zilikuwa na kichogo, fundi akaweka 4:3 kwa haki kabisa. Kichogo kiliondoka, mpangilio ukabaki. Kama king'amuzi chako hakina HDMI, bado usinunue kitu: badilisha menyu hiyohiyo, kisha hakikisha runinga nayo iko `16:9`. Picha itajaa, ila haitakuwa kali kama ya HDMI.

Ukishaweka HDMI, angalia kona ya juu ambako matokeo ya mpira huandikwa. Yakikatwa, runinga inakuza picha kidogo na kumeza kingo, tabia iliyorithiwa kutoka enzi za kichogo. Dawa yake iko kwenye menyu ya ukubwa wa picha: LG huiita `Just Scan`, Samsung nyingi `Screen Fit`. Hapo unapata picha nzima, bila kukatwa na bila mikanda.

2. Boksi la Android, kwa wanaoishi kwa flashi

Kama shida yako si king'amuzi bali ni filamu na harusi kwenye flashi, boksi dogo la Android linaloingia kwenye HDMI ni bora kuliko kubadilisha runinga. Sababu ni moja: pleya iliyo ndani ya runinga nyingi za bei ya chini haina uhuru. Unabonyeza kitufe cha ukubwa wa picha, inakuambia haiwezekani kwa sasa, au inakupa chaguo mbili tu. Kwenye boksi unaweka pleya unayotaka.

Lakini hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mikanda ina asili mbili. Ipo inayowekwa na pleya, na ipo iliyochomelewa ndani ya faili lenyewe. Ili ujue ni ipi, fungua maelezo ya faili kwenye simu au kompyuta uone vipimo. Filamu pana yenye `1920x800` haina mikanda ndani. Pleya ndiyo inaiongeza. Filamu hiyohiyo ikiwa `1920x1080`, mikanda ni sehemu ya picha. Ya kwanza inatii: kwenye MX Player chagua `Crop`, kwenye VLC ya Android chagua `Fit screen`, picha inajaa. Ya pili ukiifanyia hivyo hakuna kinachobadilika, kwa sababu pleya inaona faili la 16:9 kwenye kioo cha 16:9, kazi imekwisha. Watu hulaumu boksi wakati boksi halina kosa. Angalia pia majina: `Fit screen` ya VLC hukata kingo, ila `Fit to screen` ya MX Player huacha mikanda ilivyo. Usiamini jina, tazama picha.

Kwa faili la aina ya pili ninapendekeza pleya iitwayo Kodi. Wakati video inacheza, fungua mipangilio ya video utakuta `Zoom amount`. Ukiweka 1.34, filamu pana hujaa kioo chote, lakini unapoteza kama robo ya upana wake: watu wawili wakizungumza, mmoja kila upande, utabaki na nusu uso huku na nusu kule. Mimi huweka 1.15. Kwenye inchi 32 kila mkanda unashuka kutoka sentimeta 5 hadi kama 3, na kila upande unakatwa asilimia 6 au 7 tu, ambayo jicho halilalamiki. Maandishi ya tafsiri yakiwa yamechomelewa kwenye mkanda wa chini, usikuze kabisa, utayakata. Kwenye kompyuta, faili la aina ya kwanza VLC hulijaza kwa kibodi: `C` inakata, ibonyeze mpaka `16:9`, na `A` inabadilisha umbo.

Harusi za zamani zina kesi yake. DVD za huku kwetu ni `720x576`, na vipimo hivyo pekee havisemi umbo: faili hubeba alama inayosema lionyeshwe kama 4:3 au 16:9. Fundi akilihamishia kwenye flashi vibaya, alama hupotea, bibi harusi anatoka mwembamba kama fimbo. Hapo ndipo kuvuta picha ni halali. Jaribu `4:3` kwanza, kisha `16:9`, ukitazama kitu cha mviringo, sahani au tairi la gari la maharusi. Kikiwa duara kweli, umefika. Mikanda ya pembeni ikibaki kwenye harusi ya 4:3, iache. Kamera haikuona zaidi ya hapo.

3. Runinga kubwa zaidi

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya gharama, si kwa sababu haifai. Kwa mpenzi wa filamu, ndiyo suluhisho lisilokata chochote. Inchi 43 ina upana wa sentimeta 95. Filamu ya 2.39 ikioneshwa nzima humo, na mikanda yake juu na chini, kimo cha picha ni sentimeta 40, sawasawa na kimo cha kioo chote cha inchi 32. Mikanda ipo, lakini picha imekuwa kubwa kuliko ile uliyokuwa ukiililia.

Ukienda kununua, kwa Ngamiani au popote, beba flashi yenye filamu moja ya `1920x800`, harusi moja ya 4:3 na klipu moja ya simu iliyosimamishwa. Omba wachomeke. Cheza kila moja na ubonyeze kitufe cha ukubwa wa picha, au upite kwenye menyu. Unachotafuta ni kama chaguo la kukuza linapatikana kwenye USB na kwenye HDMI pia, maana baadhi ya runinga huliruhusu upande mmoja tu. Halafu tazama harusi bila kugusa kitu. Runinga ikiivuta yenyewe watu wakanenepa, na hakuna menyu ya kurudisha 4:3, hiyo mwachie mwenye duka. Kwenye klipu ya simu mikanda ya pembeni itakuwa mipana kuliko picha, na ndivyo ilivyo kwa kila runinga. Mwambie anayerekodi ailaze simu.

Muuzaji akikuonyesha hali ya `Panorama` au jina linalofanana na hilo, iangalie kamera inapozunguka uwanja: katikati picha haivutwi sana, pembeni inavutwa kwelikweli, mchezaji anayekimbia kutoka kati kwenda winga ananenepa akiwa njiani.

4. Kichogo cha mtumba

Kuna wanaoshauri kichogo kwa ajili ya kanda za zamani. Kwa harusi ya 4:3 kweli inajaa pomoni. Ila matangazo ya leo ni 16:9, kwa hiyo kila habari na kila mechi utaiona na mikanda juu na chini, kwenye kioo kilichokuwa kidogo tangu mwanzo. Labda kwa chumba cha mzee anayerudia DVD zilezile za taarabu kila jioni. Kwa sebule, hapana.

Yule mama wa Makorora hakununua runinga. Alinunua kebo, na siku ya pili akatuma mjukuu kuuliza kama kuna ndefu zaidi, king'amuzi anataka kukihamishia juu ya kabati.