Skripti ya stetasi kwa wapishi wa chakula cha mchana: uzoefu wangu

Napika nyumbani Tabata na kupeleka chakula cha mchana kwenye maofisi ya Posta na Upanga, Dar es Salaam. Mwisho wa kupokea oda ni saa 5 kamili, kwa sababu boda anatoka saa 5 na nusu ili saa 6 na nusu mteja awe na boksi lake mezani. Nilinunua skripti ya stetasi kwa mtu anayefundisha biashara mtandaoni, shilingi 15,000, na nimeitumia vya kutosha kuweza kuwaambia wenzangu inafaa wapi na inapwaya wapi.

Skripti yenyewe ni posti nne za WhatsApp: menyu saa 1 na nusu asubuhi, picha ya jikoni saa 3 na nusu, kikumbusho saa 4 na nusu, halafu tangazo la kufunga oda saa 5. Nzuri kuliko zote ni ya kwanza. Ya Jumatano huwa naiandika hivi:

"JUMATANO. Wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga, mchicha, tikiti. 6,000/=. Tunaleta Posta na Upanga. Mwisho wa oda SAA 5:00. Jibu hapa: jina, ofisi, ghorofa, idadi."

Huo mstari wa mwisho peke yake umerudisha hela yangu. Kabla ya hapo mtu alikuwa anajibu "niwekee moja", nami naanza kuuliza ofisi gani, ghorofa ya ngapi, huku samaki wako kwenye mafuta. Sasa ujumbe mmoja unakuja na kila kitu, nakinakili kwenye kifuniko cha boksi kwa kalamu nzito, na boda hahitaji kunipigia akiwa mapokezi.

Tatizo kubwa liko kwenye posti ya nne, na mwenye skripti hakuligusa kabisa. Stetasi inakaa saa 24. Ukiweka "Oda zimefungwa, karibu kesho" saa 5 ya leo, itaendelea kuonekana mpaka saa 5 ya kesho, yaani asubuhi nzima ambayo wewe unatafuta oda. Na WhatsApp humwonyesha mtu stetasi zako kuanzia ile ya zamani ambayo hajaiona. Mteja ambaye jana mchana alikuwa kwenye kikao, leo akifungua simu kitu cha kwanza anachokutana nacho ni kwamba umefunga. Wengi hawaendelei mbele kusoma menyu mpya.

Nililigundua hilo kupitia kaka mmoja wa ofisi ya Posta. Saa 4 asubuhi aliniandikia, "Dada, mbona leo mmefunga mapema hivi?" Mtu akijibu stetasi, jibu lake linakuja na ile stetasi yenyewe juu yake, kwa hiyo niliona palepale kwamba alikuwa anasoma tangazo la jana. Nikamjibu, "Hapana kaka, tupo hadi saa 5, leo kuna pilau." Akaagiza mbili. Huyo aliuliza, mwingine angeenda zake kantini bila kusema neno.

Tangu hapo nafuta. Chakula kikishafika maofisini, kwenye saa 8 mchana, nafuta posti zote za siku hiyo, na asubuhi naanza upya. Hata ile ya saa 4 na nusu siiweki juu ya zingine: kwanza nafuta ya menyu na ya picha, kisha naweka posti moja yenye menyu kwa ufupi, idadi iliyobaki na saa ya mwisho. Anayefungua dakika ishirini kabla ya kufunga anaikuta hiyo tu.

Nimebadilisha pia maneno "Wahi, zimebaki chache!" Mimi naandika "Zimebaki sahani 9", nikiwa nimezihesabu kweli, na zikiisha nafuta mara moja. Stetasi ya sahani 9 ikibaki hewani wakati sufuria ni tupu, utamkatalia mtu aliyekwisha kuacha mpango mwingine wa chakula kwa ajili yako, na huyo ni vigumu kumrudisha.

Jambo jingine ambalo skripti imelisahau ni kwamba stetasi haimfikii mtu mpaka awe amehifadhi namba yako, na wewe uwe umehifadhi yake. Mteja anayeletewa oda na mwenzake wa ofisini hakuoni kabisa. Kwa hiyo nabandika kikaratasi kwenye boksi: "Hifadhi namba hii, kisha nitumie jina lako uone menyu kila asubuhi." Akinitumia, nami namhifadhi hapohapo kwa jina la jengo na ghorofa.

Kwa bei ile, bado ningeinunua kwa ajili ya posti ya kwanza. Ila posti ya nne msiiweke kabisa kama mnajua mchana hamtapata nafasi ya kuifuta.