Projekta ya kukodi Moshi: niliagiza kwa vipimo, nikaletewa lenzi ya ukumbi mwingine

Duka nililokodi projekta hapa Moshi sitalitaja, kwa sababu hadi sasa sijaamua kama ninalilaumu au ninalishukuru. Ningeandika maoni haya jioni ya siku ile, yangekuwa na mstari mmoja tu, na mstari huo usingefaa kusomwa mbele ya watu wazima.

Kazi yenyewe ilikuwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha ushirika wa kahawa. Mimi ndiye mweka hazina. Wanachama wengi ni wazee wanaoshuka kutoka mlimani wakiwa na swali moja kichwani, yaani malipo ya pili yatakuwa shilingi ngapi kwa kilo, na jibu la swali hilo limo ndani ya jedwali lenye safu nyingi za tarakimu ndogo. Kwa hiyo sikutaka picha ya kupamba ukumbi. Nilitaka picha ijaze skrini kwa upana wake wote, isipungue wala isizidi, ili mzee aliyeketi mstari wa nyuma aisome tarakimu kwa macho yake mwenyewe.

Agizo niliandika kwa vipimo, nikiwa nimekwenda ukumbini na tepu. Skrini ina upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Projekta ingekaa juu ya roshani ya nyuma, kwa kuwa wenye ukumbi hawaruhusu nyaya kupita kwenye njia ya katikati, na kutoka mahali itakapokuwa lenzi hadi kwenye skrini ni mita 12. Nilisisitiza kwamba kipimo kinaanzia kwenye uso wa lenzi, kwa sababu mashine yenyewe ina urefu wake, na anayepima kutoka ukuta wa nyuma anajidanganya kwa zaidi ya nusu mita. Niliongeza kwamba majedwali yetu yametengenezwa kwa umbo la 16 kwa 9. Mwenye duka alijibu kwa neno moja: sawa.

Hesabu inayofuata hapo haina siri. Unagawa umbali kwa upana wa picha: mita 12 kwa mita 4 unapata 3. Huo ndio uwiano ambao lenzi inapaswa kuuweza, na kila lenzi ya projekta ina uwiano wake, au tuseme ina mpaka wa chini na mpaka wa juu kama ina zumu. Anayetaka urefu wa fokasi, yaani kipimo cha milimita kinachoandikwa kwenye lenzi, anahitaji kujua kitu kimoja zaidi, nacho ni upana wa paneli ndogo ya ndani inayotengeneza picha. Katika mashine tuliyokodi paneli hiyo ina upana wa karibu milimita 16.4, na ukizidisha kwa 3 unapata urefu wa fokasi wa milimita 49. Ukitaka usahihi wa maabara kuna marekebisho madogo, lakini picha inapokuzwa zaidi ya mara mia mbili, kama hapa, marekebisho hayo hayaonekani ukutani.

Kijana aliyeletwa kuifunga mashine alifika mchana wa siku ya maandalizi, akaipandisha roshani, akaiwasha, na picha ikafunika skrini, ukuta, pazia na sehemu ya dirisha la kushoto. Nilimwomba aivute zumu hadi mwisho ili picha iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Hata hapo ilibaki na upana wa karibu mita 6.7, ikivuka skrini kwa zaidi ya mita moja kila upande. Nilipomwambia kwamba lenzi hiyo haifai kwa umbali ule, alinijibu bila kugeuka: «Mama, mambo ya lenzi tuachie mafundi. Zumu ipo, itaingia tu.»

Nimeishi miaka mingi na nimejibiwa vibaya na watu wengi, lakini jibu lile lilinichoma, kwa kuwa zumu ilikuwa imekwisha fika ukingoni na mkono wake mwenyewe ulikuwa bado umeishika pete. Nilipanda roshani nikasoma maandishi yaliyozunguka lenzi. Yalisema hivi:

```
F1.7-2.0  f=24.6-29.5mm
```

Kijana alinionyesha kidole kwenye 1.7 na 2.0, akasema hiyo ndiyo namba ya umbali na kwamba inakaribia ninachotaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliyenitaka nimwachie mambo ya lenzi hajui kuyasoma. F kubwa inaeleza uwazi wa lenzi, yaani kiasi cha mwanga inachopitisha, na haihusiani kabisa na ukubwa wa picha. Namba ya kutazama ni ile ya f ndogo, ambayo ni urefu wa fokasi. Gawa 24.6 kwa 16.4 unapata 1.5, na gawa 29.5 kwa 16.4 unapata 1.8. Lenzi ile iliweza uwiano wa kuanzia 1.5 hadi 1.8 peke yake, na sisi tulihitaji 3. Kwa skrini ya mita 4, ilikuwa na haki ya kukaa kati ya mita 6 na mita 7.2 kutoka kwenye skrini, ambako ni katikati kabisa ya viti vya wanachama, penye feni ya mashine ikinguruma masikioni mwao na vivuli vya vichwa vya kila anayeinuka vikipita juu ya mapato na matumizi.

Kisha akafanya jambo lililonikasirisha kuliko lile jibu. Aliingia kwenye menyu, akaipunguza picha kwa njia ya elektroniki hadi ikaenea ndani ya skrini, akashuka ngazi akiwa amemaliza kazi. Ukiitazama kwa mbali utasema ni sawa, na kwa picha za harusi huenda nisingebisha. Lakini mashine ikipunguza picha kwa njia hiyo, lenzi inaendelea kurusha eneo lile lile la mita 6.7, na picha yako inapewa asilimia 60 tu ya upana wa paneli. Kati ya pikseli 1920 za upana zilibaki 1152. Kwa kuwa kimo nacho hupungua kwa kiasi hicho hicho, mwanga uliofika kwenye picha yetu ulikuwa asilimia 36 tu ya ule tulioulipia, na uliosalia ulizuiwa ndani ya mashine. Tarakimu 3 na 8 katika jedwali la malipo zilifanana. Tena projekta haiwezi kutoa weusi kamili, kwa hiyo eneo lililoachwa tupu lilionekana kama fremu kubwa ya kijivu kuizunguka skrini, juu ya ukuta na pazia. Anayetaka kujua kama amefanyiwa ujanja huu azime taa za ukumbi na kuitafuta fremu hiyo.

Nilimpigia mwenye duka. Sauti yake ilikuwa ya upole, jambo ambalo kwa wakati ule lilinizidishia hasira. Akaniuliza: «Mama, skrini yenu ni ya inchi ngapi?» Nilimwambia kwamba nilimpa upana na nitaendelea kumpa upana. Yeye akapiga hesabu ya mshazari: mita 4 kwa mita 3 hutoa mshazari wa mita 5, sawa na inchi 197, akaiita skrini ya inchi 200 na kutaka kutafuta umbali katika jedwali la watengenezaji. Nilimzuia. Jedwali lile limeandaliwa kwa picha yenye umbo la paneli, 16 kwa 10, na picha ya namna hiyo yenye mshazari wa inchi 200 ina upana wa mita 4.3. Angefuata inchi, angenijazia picha inayomwagika sentimita 15 kila upande, naye angeapa kwamba jedwali limesema. Mshazari hautoshi mpaka umbo la skrini na umbo la picha viwe vimoja, na kwenye kumbi zetu, ambako skrini nyingi ni zile za zamani za 4 kwa 3, mara nyingi haviwi.

Nakiri kwamba alinisikiliza. Alirudia vipimo vyangu kimoja kimoja, kisha akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa siku ile: je, kuna atakayeonyesha kitu cha umbo la 4 kwa 3? Swali hilo lina uzito, kwa sababu picha ya 4 kwa 3 haitumii upana wote wa paneli. Ingechukua pikseli 1600 kati ya 1920, na ili ijaze mita 4 ingebidi paneli nzima irushwe kwa upana wa mita 4.8, ambapo uwiano unashuka kutoka 3 hadi 2.5. Nilimwambia mwakilishi wa benki huenda akaja na wasilisho la namna hiyo. Jioni akaja mwenyewe na lenzi nyingine iliyoandikwa f=41-65mm, yaani uwiano wa 2.5 hadi karibu 4, ambayo kwa mita 12 inaweza picha yoyote kati ya mita 3 na mita 4.8. Majedwali yetu yalikaa mbali na kingo zote mbili za zumu, na wasilisho la benki lilikaa kwenye ukingo mmoja, lakini lilikaa.

Picha iliyotoka hapo ilikuwa safi kuliko yoyote niliyowahi kuona ukumbini humo. Lenzi ndefu ilipunguza mwanga kidogo, nami niliuona upungufu huo kwa kuwa nilikuwa nautafuta, lakini ilikuwa bora mara nyingi kuliko ule ujanja wa menyu. Wazee walisoma wenyewe, wakabishana na tarakimu badala ya kubishana nami, na nilikuwa karibu kuliandikia duka barua ya shukrani.

Halafu ikaja ankara, na ndani yake kuna ada ya lenzi maalumu. Maalumu kwa nani? Umbali wa mita 12 ulikuwa kwenye agizo tangu mwanzo, na aliyejibu sawa ndiye aliyepaswa kujua kwamba lenzi ya kawaida haitaufikia. Nimelipa kodi ya mashine na ada hiyo nimekataa, tunaendelea kuandikiana. Pamoja na hayo, mkutano ujao nitaichukua mashine ile ile na lenzi ile ile ndefu, kwa sharti kwamba namba ya f ndogo iandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla haujapakiwa, na kwamba kijana yule, kama ni lazima aje, abebe ngazi.