Uzoefu wangu na qpdf, mutool na foremost kwa PDF iliyokatika mkia

Nina saiba ndogo hapa Ngara, na kati ya kazi zote zinazoletwa dirishani, inayonigusa zaidi ni faili ya PDF inayokataa kufunguka huku mwenyewe akiwa hana nakala nyingine. Programu tatu za bure nitakazozieleza zimeniokolea nyaraka nyingi za watu. Nitasimulia kazi moja tu, kwa sababu ndani yake utaona kila moja inafika wapi na inakwama wapi.

Mteja alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama. Mihutasari ya vikao vyao, kurasa 62 zilizopigwa picha kwa simu na kuunganishwa kuwa PDF moja, ilikuwa kwenye flashi. Simu ilishaibwa, na madaftari yenyewe yaliharibiwa na maji ya mvua. Adobe Reader ilisema faili imeharibika na haiwezi kutengenezwa. Chrome ikaandika "Failed to load PDF document." Aliniambia, "Kijana wangu, humo ndani kuna mikopo ya watu. Usipoipata tutagombana hadi kanisani." Nikamwambia, "Mama, niachie flashi mpaka jioni, na usiichomeke mahali pengine popote."

Hatua yangu ya kwanza siku zote ni kunakili faili kwenye kompyuta na kufanya kazi na nakala hiyo. Kisha natazama kichwa na mkia wake:

```
head -c 8 mihutasari.pdf
tail -c 40 mihutasari.pdf
ls -l mihutasari.pdf
```

PDF nzima huanza kwa `%PDF-` na namba ya toleo, na huishia kwa `%%EOF`. Ukikuta mwanzoni pameandikwa `<!DOCTYPE html`, hiyo si PDF hata kidogo. Ni ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa kwa jina la PDF, mara nyingi ule wa kukuomba nenosiri, na dawa yake ni kupakua upya. Ukikuta sufuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna cha kutengeneza ndani ya faili hiyo.

Ya mama huyu ilianza vizuri kwa `%PDF-1.4`, lakini mkiani hapakuwa na `%%EOF`, bali herufi za ovyoovyo tu. Ukubwa wake ulikuwa baiti 6,225,920. Alikumbuka kwamba simu ilipounganisha picha ilionyesha kama megabaiti tisa na nusu. Namba hiyo ya baiti ina siri nyingine: inagawanyika sawasawa kwa 4,096, mara 1,520 kamili. Diski na flashi huandika data kwa vipande vya ukubwa kama huo, na ni nadra faili iliyokamilika kuangukia namba ya namna hiyo. Nikajua kunakili kulikatizwa katikati, pengine flashi ilichomolewa mapema. Theluthi ya mwisho ya faili haikuwahi kufika.

Sasa, kwa nini kukosa mwisho kuzuie hata ukurasa wa kwanza kufunguka? Kwa sababu PDF husomwa kuanzia nyuma. Karibu na mwisho kabisa kuna neno `startxref` na namba inayosema jedwali liitwalo `xref` linaanzia baiti ya ngapi. Jedwali hilo ni kama ukurasa wa yaliyomo uliochapishwa mwishoni mwa kitabu: linaorodhesha kila kitu kilichomo, yaani ukurasa, picha na fonti, na mahali kinapoanzia. Baada yake huja `trailer`, inayotaja kitu cha mzizi, `/Catalog`, ambacho ndicho kinachoongoza kwenye kurasa kwa mpangilio. Mkia ukikatika, vyote hivyo vinaweza kupotea ingawa kurasa zenyewe bado zimelala ndani ya faili, nzima kabisa.

Ndipo ninapoanza na qpdf. Kwenye Ubuntu zote zinasakinishwa kwa mstari mmoja:

```
sudo apt install qpdf mupdf-tools foremost img2pdf
```

Kisha:

```
qpdf --check mihutasari.pdf
qpdf mihutasari.pdf mpya.pdf
```

Kazi ya qpdf ni kupitia faili yote ikitafuta kila panapoanza kitu kipya, halafu kuliandika jedwali upya. Jedwali likiwa limeharibika lakini `trailer` ipo, hufaulu vizuri sana. Hali hiyo huipata faili ambayo mtu ameifungua kwenye kihariri cha maandishi akaihifadhi tena, namba zote zikasogea. Naipenda qpdf kwa sababu haifichi kitu: kila onyo inaliandika, na unajua ni kitu kipi kimekosekana. Kwa faili ya chama ilisema `can't find startxref`, ikajaribu kujenga jedwali, kisha ikakata tamaa kwa maneno haya: `unable to find trailer dictionary while recovering damaged file`. Ilipata picha lakini haikupata mzizi wa kuzipanga.

Nikaenda kwa mutool, chombo cha amri kinachokuja na MuPDF:

```
mutool clean mihutasari.pdf mpya.pdf
```

Huyu ni mvumilivu zaidi. Hata `trailer` ikikosekana, hupekua vitu vyote kutafuta kilichoandikwa `/Catalog` na kukifanya mzizi. Kwa PDF zinazotolewa na Microsoft Word hili lina faida kubwa, kwa kuwa Word huweka `/Catalog` mwanzoni kabisa mwa faili. Mwanafunzi aliyeleta tasnifu iliyokatika hivyo alirudishiwa kurasa za mwanzo zikiwa na maandishi yake, na zile ambazo data yake haikufika zikatoka tupu. Lakini programu nyingi za kupigia picha nyaraka kwa simu huandika picha kwanza na mzizi mwishoni, kwa kuwa hazijui zitakuwa na kurasa ngapi mpaka umalize. Ya mama huyu ilikuwa ya aina hiyo, na mutool haikunipa hata ukurasa mmoja.

Wengi huishia hapo na kumwambia mteja haiwezekani. Mimi naona ndipo kazi inapoanza, mradi nyaraka yenyewe ni ya picha. Kurasa za simu kwa kawaida huwekwa ndani ya PDF kama JPEG kamili, bila kubadilishwa hata baiti moja. Unaweza kuhakikisha kwa kutafuta neno `DCTDecode`, ambalo ndilo jina la JPEG ndani ya PDF:

```
grep -a -c DCTDecode mihutasari.pdf
```

Ikirudisha namba zaidi ya sufuri, huna haja ya jedwali wala mzizi. Kila JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF na kuishia kwa FF D9, na foremost huzikata kwa alama hizo. Programu hii iliandikwa na wapelelezi wa jeshi la anga la Marekani kwa ajili ya kutoa ushahidi kwenye diski, na haijali kama imepewa diski nzima au PDF moja:

```
foremost -t jpg -i mihutasari.pdf -o picha
```

Folda `picha` isiwe na kitu ndani, la sivyo inakataa. Ilitoa picha 40, kila moja ikiwa ukurasa mzima unaosomeka, mpaka sahihi za wanachama. Majina ya picha ni namba zinazofuata mahali ilipokuwa ndani ya faili, kwa hiyo mpangilio kwa kawaida ni ule ule wa kurasa. Lakini usiuamini kwa macho yaliyofumba. Tulikaa na mama tukalinganisha tarehe za vikao moja baada ya nyingine.

Kuna ukurasa mmoja ambao foremost haikutoa, na huu ndio ulionifurahisha zaidi. Picha ya 41 ilikuwa imeanza lakini ikakatwa kabla ya kufika FF D9, na kwa kuwa haina alama ya mwisho, programu iliiruka. Unaitoa kwa mkono. Kwanza unatafuta JPEG ya mwisho inaanzia wapi:

```
LC_ALL=C grep -obUaP "\xFF\xD8\xFF" mihutasari.pdf | tail -n 1
```

Nilipata 6131204. Hesabu ya grep huanza kwa sufuri na ya tail huanza kwa moja, kwa hiyo unaongeza moja:

```
tail -c +6131205 mihutasari.pdf > picha/jpg/99999999.jpg
```

Kitazamaji cha picha kiliifungua. Sehemu ya juu ilisomeka vizuri na ya chini ikawa kijivu kitupu. Zaidi ya nusu ya ukurasa ilipatikana, na kwenye nusu hiyo mlikuwa na orodha ya mikopo ya mwezi ule. Kamera nyingine huweka picha ndogo ya kionjo ndani ya picha kubwa, nayo ina FF D8 FF yake. Ukipata kapicha kadogo badala ya ukurasa, rudi kwenye namba iliyotangulia.

Mwisho niliziunganisha kwa img2pdf, ambayo huzipanga ndani ya PDF mpya bila kuzikandamiza tena, hivyo hazipotezi ubora:

```
img2pdf picha/jpg/*.jpg -o mihutasari-mpya.pdf
```

Kuhusu tovuti za kutengeneza PDF, nilishajaribu moja kabla sijajua haya, ikanirudishia faili yenye kurasa tupu. Tatizo kubwa kwangu ni kwamba unapakia namba za vitambulisho na madeni ya watu kwenye kompyuta usiyoijua mwenyewe ni nani. Sitafanya hivyo na karatasi za mteja.

Mipaka ya njia hii ni ya kweli. PDF iliyofungwa kwa nenosiri husimbwa pamoja na picha zake, na foremost haitaona kitu. Skana za ofisi zinazohifadhi kwa nyeusi na nyeupe hutumia mbinu nyingine, `CCITTFaxDecode` au `JBIG2Decode`, na hapo pia hakuna FF D8 ya kutafuta. PDF za toleo 1.5 na kuendelea zinaweza kukandamiza vitu vingi pamoja na jedwali lenyewe, na ikikatika, qpdf na mutool hubaki na machache ya kushika, ingawa picha za JPEG zenyewe bado hutoka.

Kwa kazi za saiba, qpdf naipa tano kwa tano kwa ukweli wa maonyo yake. Mutool nne, kwani ikishindwa haielezi vya kutosha. Foremost nne pia, kwa sababu ya ile picha ya mwisho inayoiacha. Kurasa 21 za mwisho za chama hazikuwemo kwenye flashi, na nilimweleza mama hivyo waziwazi. Alichukua chapa ya zile 41, akaenda kuomba wanachama walete stakabadhi zao za miezi iliyobaki.